Uzi: Msalaba wa maandamano wa Ethiopia, muuzaji anasema karne ya 15. Nyie mnasemaje?

Pepo_Kaskazi

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna msalaba wa shaba nimeachiwa niukague kwa wiki mbili kabla ya kuamua kama nitaununua. Uko Nairobi, na muuzaji anasema ni "Lalibela, karne ya 15". Ni ule wa maandamano ya kanisani, unaochomekwa juu ya fimbo ndefu. Urefu wake sm 34 pamoja na shina, upana sm 22, uzito gramu 790. Kichwa kina umbo la almasi, kimejaa matundu kama dirisha la nyavu, na kingoni pote kuna vimisalaba vidogo vilivyochomoza. Chini ya kichwa kuna mikono miwili iliyopinda kuelekea shina, ile ya kufungia kitambaa. Upande mmoja umechorwa Bikira Maria amempakata Mtoto, upande wa pili ni nakshi za misalaba tu. Kwenye pembe kuna kutu ya kijani.

Nianzie wapi kuukadiria umri?

Mzee_wa_Riale

Mkuu, uchukue. Gramu 790 ni uzito wa maana, vitu vya siku hizi ni vyepesi. Na kijani hicho hakiji kwa mwaka mmoja wala miwili, shaba inahitaji mamia ya miaka kufika hapo.

Msubu

Mzee, nakuheshimu lakini hapo tutampoteza kijana.

Tuanze na kijani. Ukitumia siki, chumvi na amonia, kinapatikana ndani ya siku chache. Cha bandia kikipitiwa na pamba yenye maji kinatoka kama unga, na chini yake unakuta shaba tupu inayong'aa au mikwaruzo ya tupa. Cha kweli kimekaa juu ya tabaka la rangi ya udongo mwekundu lililoshikamana na shaba yenyewe. Zaidi ya hapo, msalaba wa kanisani haukuzikwa ardhini. Umeshikwa, umefutwa na vitambaa, umefukizwa ubani miaka yote. Unachotarajia kukuta ni kahawia iliyokolea, masizi na nta ya mishumaa iliyojazana kwenye kona za matundu. Ukiona kijani kizito kila mahali, jihadhari.

Uzito nao unaweza kukudanganya. Anayesubu nakala za kuuzia watalii kwa kalibu ya mchanga anaogopa matundu membamba yasijae, kwa hiyo anaunenepesha msalaba. Nakala nyingi ni nzito kuliko za kale.

Halafu hilo neno "Lalibela". Sokoni majina ya miji kama Lalibela, Gondar na Aksum yamekuwa majina ya maumbo. Fundi wa Addis Ababa anatengeneza "Lalibela" asubuhi na "Gondar" jioni. Jina la muuzaji halikwambii ulitengenezwa wapi wala lini.

Pepo, usiusafishe hata kidogo. Fanya haya:

1. Pima unene wa bamba la kichwa kwa kalipa sehemu 8 au zaidi, ukiweka kila kipimo kwenye mchoro.
2. Angalia ukingo wa nje na kuta za ndani za matundu kwa lenzi ya sonara ya mara 10. Kuna mstari unaozunguka katikati ya ukingo? Kuna alama za tupa?
3. Chungulia ndani ya shina kwa tochi. Tazama mashimo ya misumari na kama shina limeungwa.
4. Papasa upande wa ndani wa ile mikono ya chini, kisha uulinganishe na upande wa nje.
5. Weka taa ulalo, karibu ilingane na uso wa msalaba, uone mistari ya mchoro wa Maria.

Kasongo_Lubumbashi

Jambo ndugu zangu. Mimi nina msalaba wa shaba wa Kongo, Yesu yupo mbele na watu wadogo wanaomba pembeni, mgongoni uko wazi kama ganda. Huo ni wa kushika mkononi. Je, vipimo hivi vinaufaa?

Msubu

Kasongo, huo ni ukoo mwingine kabisa. Misalaba ya Wakongo ilitokana na ile iliyoletwa na Wareno baada ya mfalme Nzinga a Nkuwu kubatizwa mwaka 1491. Haikuwekwa juu ya fimbo za maandamano kama hii, na uchakavu wake uko kwingine: usoni na kifuani mwa Yesu. Unene na alama za kusubu unaweza kukagua kwa njia hizi, ila kwa mitindo fungua uzi wako. Tutakuja.

Pepo_Kaskazi

Nimemaliza, imenichukua jioni mbili.

Unene: juu kabisa mm 3.4. Kulia 4.1, 4.6 na 5.0. Kushoto 3.1, 3.8 na 4.4. Katikati 5.2. Mkono wa chini kushoto 4.5, mkono wa chini kulia 2.7.

Ukingoni hakuna mstari wowote. Kuta za matundu hazina alama za tupa, zimepinda kidogo kama kitu kilichokatwa kikiwa laini, na hakuna matundu mawili yanayolingana sawasawa. Ndani ya matundu mawili kuna utando mwembamba wa shaba kama ukucha, haukuondolewa.

Juu kushoto kuna ufa wenye midomo ya mviringo, na nyuma yake kimewekwa kiraka chenye ribiti 3. Vichwa vya ribiti vimelainika hadi vikalingana na kiraka.

Shina lina rangi ya njano zaidi kuliko kichwa na limelehemiwa kwenye kishina kifupi kilichobaki. Lina mashimo mawili ya misumari, ya duara safi. Mikono ya chini upande wa ndani imelika na inateleza, upande wa nje bado ina kona.

Msubu

Kazi nzuri sana, maana hapo msalaba umeanza kuzungumza wenyewe.

Nianze na namna ulivyotengenezwa. Kuna njia tatu za kuzingatia. Ya kwanza ni kukata bamba lililofuliwa: unene unakuwa karibu sawa kila mahali na matundu yana alama za patasi na tupa. Ya pili ni kalibu ya mchanga ya vipande viwili: inaacha mstari pale vipande vilipokutana, na hata ukipigwa tupa mara nyingi unabaki ndani ya matundu ambako tupa haifiki. Ya tatu ni ya nta. Fundi anaunda msalaba mzima kwa nta ya nyuki, anaupaka udongo laini kisha udongo mzito, anauchoma hadi nta itoke, anamimina shaba kwenye uwazi uliobaki, halafu anavunja kalibu. Kila kalibu inatoa msalaba mmoja tu.

Wako ni wa nta. Unene unatoka 3.1 hadi 5.2 kwa sababu mkono wa mtu haukandi nta sawa. Kuta zilizopinda ni alama ya kisu kilichopita kwenye nta. Ule utando kama ukucha ni shaba iliyopenya kwenye ufa uliotokea kwenye kalibu wakati wa kuchomwa.

Ule ufa wenye midomo ya mviringo si wa kuvunjika. Kitu kilichovunjika kina midomo mikali yenye chembechembe. Mviringo maana yake mikondo miwili ya shaba ilikutana ikiwa imeshaanza kupoa, ikagusana bila kushikana. Hutokea sana kwenye misalaba ya nyavu, kwa kuwa shaba inalazimika kupita njia nyembamba nyingi na kalibu isipokuwa na moto wa kutosha inapoa njiani. Utaona imetokea upande wa kushoto ambako pia ndiko kwembamba zaidi, 3.1. Yote mawili yana chanzo kimoja.

Kiraka kinaweza kuwa cha siku ileile ya kusubu au cha miaka mingi baadaye. Lakini ribiti zilizolainika hadi kulingana zinaonyesha kwamba baada ya kiraka kuwekwa, msalaba uliendelea kutumika muda mrefu.

Uchakavu wa mikono ya chini ndio ninaouamini kuliko wote. Kitambaa kinapita hapo, kinafungwa na kufunguliwa, na upepo unakivuta wakati wa maandamano ya sikukuu za Timkat na Meskel. Kinasugua ndani, si nje. Anayezeesha msalaba kwa mashine ya kupolisha hulainisha kona zote kwa pamoja, za nje zikiwa za kwanza maana ndizo zinazofikika.

Shina ni habari nyingine. Mashimo ya duara safi hayajawahi kubeba uzito muda mrefu. Msumari unaoshika fimbo inayotikisika huyageuza kuwa yai. Shina hilo ni la juzi ukilinganisha na kichwa.

Ila usikimbilie karne ya 15 bado. Kusubu kwa nta kumeendelea Ethiopia hadi leo, kwa hiyo njia peke yake haitoi umri. Inaondoa tu nakala za mchanga.

Mzee_wa_Riale

Nimekuelewa Msubu. Basi niulize wangu. Ni wa fedha, wa mpini mfupi, unaoishia kwa kibamba cha mraba. Sonara amepima akapata fedha asilimia 83. Hiyo ni riale ya Maria Theresa iliyoyeyushwa, na riale ina mwaka 1780. Maana yake msalaba ni wa miaka hiyo, sivyo?

Bint_Seif

Mzee wangu, shikamoo. Nusu umepatia. Riale ilikuwa na gramu 28 na kitu na fedha ya 833 kwa 1000, kwa hiyo asilimia 83 inaelekeza huko kweli. Riale hizo zilitumika hata kwetu Unguja na pwani yote. Lakini mwaka 1780 ni wa kifo cha Maria Theresa, na sarafu ziliendelea kupigwa na mwaka huohuo hadi karne ya 20. Msalaba wa fedha hiyo unaweza kuwa wa wakati wa mfalme Menelik wa Pili, mwishoni mwa karne ya 19, au wa baada yake. Na wako ni wa mkononi, ule padri anaobariki nao watu na watu wanaubusu. Uchakavu wake utafute kwenye mpini na katikati ya uso, si kwenye mikono ya chini.

Sasa Pepo, nipe mchoro wa Maria. Mikono yake ikoje? Ameshika nini? Mtoto ameshika nini?

Pepo_Kaskazi

Mikono imepishana mbele ya Mtoto. Mkono wake wa kushoto una kitu kama leso inayoning'inia. Mtoto ana kitabu, na mkono wa kulia ameunyoosha vidole viwili.

Bint_Seif

Hapo ndipo karne ya 15 inapopata shida.

Maria wa namna hiyo, mikono iliyopishana na leso, ametokana na picha iliyoko kanisa la Santa Maria Maggiore, Roma. Wajesuiti walieneza nakala zake na zikafika Ethiopia karibu na mwaka 1600. Wachoraji wakaipenda, na katika enzi ya Gondar, mji uliofanywa makao na mfalme Fasilidas mwaka 1636, ikawa ndiyo sura ya kawaida ya Maria ukutani, kwenye vitabu na kwenye misalaba. Maria alichorwa kwenye misalaba kabla ya hapo pia, tangu enzi ya mfalme Zara Yaqob katika karne ya 15, lakini si kwa mikono hii na leso hii.

Kwa hiyo mchoro hauwezi kuwa wa kabla ya 1600. Kama umechorwa na fundi aliyeusubu msalaba, basi msalaba mzima si wa kabla ya hapo.

Msubu

Nakubali kuhusu mchoro. Kuhusu msalaba bado. Umbo la almasi lenye nyavu namna hii linaanza kabla ya Gondar, na msalaba wa zamani uliweza kuchorwa upya mtu mwingine alipoutoa sadaka kwa kanisa. Swali ni kama mistari ilikatwa kabla ya uso kuchakaa au baada.

Pepo, chagua mstari mmoja mrefu unaotoka bondeni, pale vidole na vitambaa havifiki, ukapanda hadi sehemu iliyoinuka. Pindo la vazi la Maria linafaa. Ufuate kwa lenzi. Kama ulikatwa msalaba ukiwa mpya, utakuwa na kina bondeni na kufifia unapopanda, kwa kuwa umechakaa pamoja na uso. Kama ulikatwa baadaye, kina chake kitakuwa sawa njia nzima, na huko juu utaona kingo kali zikipita kwenye uso uliokwisha kulainika.

Angalia pia sakafu ya mstari. Uliokatwa kwa kalamu ya chuma una umbo la V na sakafu safi. Uliotoka kwenye kalibu una sakafu ya mviringo yenye ngozi ya chembechembe kama uso wote. Huo wa pili ndio alama ya msalaba uliosubiwa kwa kunakili mwingine, na nakala za namna hiyo pia hupungua kidogo, kwani shaba inaposinyaa ikipoa hupoteza kama asilimia moja na nusu ya urefu.

Ukiweza, waombe wanunuzi wa dhahabu wapime kwa bunduki yao ya eksirei, kichwa na shina mbalimbali.

Pepo_Kaskazi

Mistari yote ni ya V, imekatwa. Pindo la vazi upande wa kulia linafifia kabisa linapopanda. Lakini pindo la kushoto lina kina kilekile mwanzo hadi mwisho, na kingo ni kali.

Eksirei: kichwa kina zinki asilimia 21, risasi 2, bati chini ya 1, kinachobaki ni shaba. Shina lina zinki 36.

Msubu

Tuanze na rahisi. Zamani shaba ya manjano ilipatikana kwa kuchoma shaba nyekundu pamoja na madini ya zinki, na kwa njia hiyo zinki haipiti karibu asilimia 30. Asilimia 36 inahitaji zinki iliyotengwa peke yake, na shaba ya namna hiyo ilienea katika karne ya 19. Shina ni la wakati huo au baadaye. Hilo kwangu limekwisha.

Asilimia 21 ya kichwa inaruhusu umri mkubwa lakini haiuthibitishi, kwa kuwa fundi wa mwaka 1900 aliweza kuyeyusha vyombo vikuukuu. Tena bunduki inasoma ngozi ya juu tu, na zinki hutoka kwenye ngozi hiyo kwa miaka, kwa hiyo ndani inaweza kuwa zaidi ya 21. Ingekuwa na nikeli nyingi, ile shaba nyeupe inayofanana na fedha, ningesema moja kwa moja haivuki karne ya 19 kurudi nyuma.

Mistari ndiyo inanisumbua. Kulia inafifia, kushoto ni mikali. Naona mchoro ulikatwa mapema, kisha upande wa kushoto ukapitiwa upya.

Bint_Seif

Au wote ni wa baadaye, na kulia ndiko kunakoshikwa zaidi. Shemasi anayebeba fimbo huushusha msalaba kwa mkono uleule kila siku. Uchakavu wa upande mmoja hauhitaji wachoraji wawili.

Msubu

Ingekuwa hivyo, vimisalaba vya ukingoni kulia vingelika kuliko vya kushoto. Pepo?

Pepo_Kaskazi

Vinafanana. Kushoto viwili vimekatika, mivunjiko ina rangi ileile ya kahawia.

Bint_Seif

Basi sina jibu kamili, lakini sijabadilisha mawazo. Mimi nauweka kati ya 1650 na 1800, kichwa na mchoro pamoja.

Msubu

Mimi naacha mlango wazi kwa kichwa kuwa cha karne ya 16, mchoro ukiwa wa Gondar. Tutatofautiana hapo. Sote wawili tunakubaliana kwamba karne ya 15 ya muuzaji haina cha kuisimamia.

Pepo, kuna kitu kimoja kwenye vipimo vyako nilikipita. Mkono wa chini kushoto 4.5, wa kulia 2.7. Nilidhani ni nta nyembamba. Hebu weka taa ulalo kwenye huo wa kulia, uso wa mbele, uniambie uko bapa au umepinda kama ndugu yake.

Pepo_Kaskazi

Ni bapa. Kuna eneo la mstatili, kama sm 4 kwa 1.5, limeshuka kidogo. Lina mikwaruzo myembamba yote ikielekea upande mmoja, na juu yake kuna rangi nyeusi inayotoka kwenye pamba kavu. Katikati kuna vijistari vitatu au vinne vilivyobaki, vifupi.

Bint_Seif

Piga picha vijistari hivyo, taa ikitoka pande nne tofauti, picha moja kwa kila upande. Hapo ndipo penye nafasi ya kuandika jina la mtoaji na la kanisa kwa Kige'ez, lugha ya ibada ya kanisa la Ethiopia. Maandishi ya namna hiyo mara nyingi huanza na zentu maskal za, yaani msalaba huu ni wa, kisha jina.

Msubu

Mikwaruzo ya upande mmoja ni tupa, na rangi inayotoka kwenye pamba kavu imepakwa karibuni, maana masizi ya kanisani hayatoki hivyo. Mtu amefuta jina la mwenye mali. Sababu ya kawaida ni kwamba jina hilo lingeonyesha kanisa ulikoibwa. Ule maarufu wa Lalibela uliibwa mwaka 1997 ukavuka mipaka, na ulirudishwa kwa sababu ulijulikana. Huu wako mtu amehakikisha haujulikani.

Pepo, hapo suala la bei limekwisha. Ethiopia ina sheria ya urithi, tangazo namba 209 la mwaka 2000, na kitu cha namna hii hakitoki bila kibali cha maandishi. Mwombe muuzaji kibali hicho. Vijistari usivisugue wala usivitie dawa. Patasi inapokata hukandamiza shaba iliyo chini ya mstari, na maabara yenye vifaa inaweza kusoma herufi hata pale tupa ilipoondoa uso.

Pepo_Kaskazi

Nimemwomba kibali. Amesema hana, na anataka msalaba urudi dukani kesho asubuhi. Picha nimepiga zote nne. Kijistari cha kwanza kina mguu mmoja mrefu na kichwa cha mlalo.

Bint_Seif

Zitume nzima bila kuzipunguza, pamoja na mchoro wa vipimo. Nitampa msomaji wa Kige'ez usiku huu. Nawe asubuhi, kabla hujaurudisha, zifikishe nakala ubalozi wa Ethiopia hapo Nairobi zikiwa na uzito, unene wa kila sehemu, kiraka na ribiti zake 3, na vile vimisalaba viwili vilivyokatika upande wa kushoto. Jina likifutwa lote, kiraka hicho ndicho kasisi wa kanisa lake atakachokitambua.